Gari ya Wagonjwa ya Shehia: Iwe Sadaka, Wakfu au Biashara?

Kila sifa njema ni ya Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahali zake na swahaba zake.

Miongoni mwa masuali yanayotufikia mara kwa mara kutoka Unguja na Pemba ni haya ya vikundi vyenye nia ya kheri vinavyotaka kujua vijiandikishe vipi. Kikundi kimoja kinataka kuanzisha jumuiya, mwenziwe anasema ifunguliwe kampuni, wa tatu anasema jambo la kheri halitaki biashara. Mara nyingi tunaulizwa baada ya pesa kukusanywa. Hapo jawabu huwa zito, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa nia fulani, nia hiyo inamfunga aliyeipokea.

Tumeona tulieleze suala hili kwa mfano mmoja ambao familia nyingi za visiwani wanaujua: gari ya kupeleka wagonjwa hospitali usiku. Hesabu tutakazozitoa ni za kukadiria, ili msomaji aone njia ya kupiga hesabu. Kila shehia ibadilishe kwa bei zake.

SURA YA SUALA

Tuseme ni shehia ya Kaskazini Unguja, kiasi cha kilomita 45 kutoka Hospitali ya Mnazi Mmoja. Gari za abiria zinasita jioni. Mgonjwa akizidiwa saa saba za usiku, jamaa zake hugonga mlango wa mwenye gari, na bei hupangwa palepale mlangoni na mtu ambaye hana nafasi ya kupatana. Watu wa shehia wakaona aibu na uchungu. Jamaa zao walioko Maskati wakaahidi shilingi milioni 18 za kununua gari aina ya Noah iliyotumika. Suala likawa: gari hii iwe ya nani, iendeshwe vipi, na anayepanda alipe au asilipe?

Kabla ya yote, ni wajibu kuangalia kilichopo. Upo mpango wa m-mama, ulioanzia Tanzania Bara na baadaye kufika Zanzibar, unaowasafirisha wajawazito na watoto wachanga wakati wa dharura. Mpango huo hutumia gari za wagonjwa za hospitali, na zinapokosekana huitwa madereva wa kawaida waliosajiliwa, nao hulipwa na mpango. Basi kikundi kiulize kituo cha afya cha karibu ni safari zipi tayari zina mlipaji. Zitakazobaki ndizo kazi yake: mzee aliyepatwa na kiharusi, mtoto mwenye homa kali, kijana aliyeanguka juu ya mkarafuu au kugongwa na bodaboda. Anayenunua gari bila ya kuuliza hivyo anaweza kujikuta anafanya kazi ambayo imeshafanywa, na iliyobaki ikawa vilevile.

MASUALI MATATU YANAYOAMUA

Watu wengi huanza na jina: tuwe jumuiya au kampuni? Sisi tunaona jina lije mwisho. Yanayotangulia ni haya.

La kwanza: anayenufaika anaweza kulipa wakati ule anapohitaji? Mnunuzi wa mkate hulipa anapoupata. Mgonjwa wa usiku anaweza kuwa na uwezo lakini hana pesa mkononi, au hana kabisa. Ikiwa wengi wanaweza kulipa gharama kamili, hiyo ni biashara, na kuiita sadaka ni kuwachosha wafadhili bure. Ikiwa hakuna anayeweza, hiyo ni sadaka, na kuiita biashara ni kujidanganya. Ikiwa baadhi wanalipa na baadhi hawawezi, hapo ndipo penye kile kinachoitwa siku hizi biashara ya kijamii, na ndipo penye mitihani mingi.

La pili: pesa ya kuanzia inaingia kwa mlango upi? Sadaka, zaka, wakfu, mkopo na mtaji ni milango mitano tofauti, na kila mmoja una hukumu zake.

La tatu: kinachobaki ni cha nani? Kuna faida ya kila mwezi, na kuna mali yenyewe siku shughuli itakapofungwa. Ikiwa Noah itauzwa baada ya miaka mitano kwa milioni 6, hizo zitakwenda wapi? Kikundi ambacho hakiwezi kulijibu suali hili kwa sentensi moja hakijaamua bado ni kitu gani.

HESABU YA GARI INAYOMILIKIWA

Tuanze na gharama zinazokuja hata kama gari haikutoka. Dereva anayelala tayari kwa zamu alipwe shilingi 250,000 kwa mwezi. Matairi, oili na matengenezo, 120,000. Bima na leseni, tukigawa ya mwaka kwa miezi, 60,000. Kisha kuna gharama isiyoonekana: gari inakufa kidogo kidogo. Iliyonunuliwa milioni 18 na kuuzwa milioni 6 baada ya miaka mitano imepoteza milioni 12, ambazo ukizigawa kwa miezi 60 ni 200,000 kila mwezi. Jumla ni 630,000.

Halafu petroli. Tukichukua safari ya Mnazi Mmoja kuwa ndiyo kipimo, kwenda na kurudi ni kilomita 90. Gari ikila lita moja kwa kilomita 10, ni lita 9, na tukikadiria lita kwa shilingi 3,000, safari moja ni 27,000. Zikiwa safari 12 kwa mwezi, ni 324,000.

Basi mwezi mzima unataka 954,000, na safari moja inagharimu 79,500.

Tuangalie sasa kinachoingia. Kamati ikaweka nauli ya 40,000. Katika wagonjwa 12, watano walilipa yote, wanne walilipa nusu, na watatu hawakulipa kitu. Zimeingia 280,000. Hazikufika hata petroli. Kila nyumba ikaombwa 2,000 kwa mwezi. Nyumba 200 zikatoa, na hizo ni 400,000. Jumla 680,000. Pengo ni 274,000 kila mwezi.

Pengo hili haliui gari mwezi wa kwanza, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Gari ni mpya, matairi ni mazima, na ile 200,000 ya kununulia gari nyingine haidaiwi na mtu. Kamati huiona gari inakwenda na kudhani hesabu ziko sawa. Mwaka wa tatu gia inakorofisha, mfuko hauna kitu, na Noah inaegeshwa chini ya mwembe.

Wazanzibari tunalijua somo hili kwa macho yetu. Mji Mkongwe una nyumba nyingi za wakfu zilizowekwa na watu wa kheri, na baadhi yake zilichakaa kwa sababu kodi ilibaki ndogo na pesa ya matengenezo haikutengwa. Wanavyuoni wa fiqhi wameeleza kwamba pato la wakfu linaanza kwa kuitengeneza mali ya wakfu yenyewe, kisha ndio wapewe wanaonufaika. Kanuni hiyo inafaa kila mali ya kheri, hata isiyoandikwa wakfu.

JE, IKODISHWE MCHANA?

Wengi wakiliona pengo husema: gari inalala mchana, ikodishwe kwa harusi na safari, usiku iwe ya wagonjwa. Hii ndiyo biashara ya kijamii kwa maana yake halisi: mali moja inatafuta pesa na inatoa huduma. Tuipime.

Ikikodishwa siku 20 kwa 25,000, mwenye kukodi akijitilia petroli, zinaingia 500,000. Lakini gari inayofanya kazi mchana na usiku haifiki miaka mitano. Tukisema inafika mitatu, uchakavu unapanda kutoka 200,000 hadi 333,000 kwa mwezi, na matengenezo yanakuwa maradufu, yaani 120,000 nyingine. Faida halisi ni 247,000 na wala si 500,000. Pengo la 274,000 limebaki 27,000, ambayo ni petroli ya safari moja. Kwa pesa, linakaribia kusimama.

Kwa watu, kuna tatizo. Maradhi hayachagui usiku. Gari ikiwa harusini Makunduchi na mtoto akapata degedege saa tisa za alasiri, ile pesa ya kukodi imelipwa na mtoto huyo. Dawa yake ni daftari la safari lenye safu moja ambayo kamati nyingi hazipendi kuiandika: simu zilizokataliwa. Iandikwe tarehe, saa ya simu, saa gari iliyotoka, kilomita, lita, nani amelipa, na kama ilikataliwa, kwa sababu gani. Miezi mitatu mfululizo simu zilizokataliwa kwa sababu ya kukodishwa zikiongezeka, ujue biashara imekula kheri.

Yako na mambo mawili ya sharia na kanuni. Kwanza, gari yenye bima na leseni ya matumizi binafsi haikodishwi. Ajali ikitokea, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa, na kamati ikabaki na madeni na maiti. Pili, upangaji wa malipo na dereva wa mchana. Desturi ya “hesabu”, ambapo dereva analeta kiasi kilichokatwa kwa siku na kinachozidi ni chake, ni ijara, na inajuzu ikiwa kiasi kinajulikana, muda unajulikana, na matengenezo makubwa yako kwa mwenye gari. Kumwambia dereva “chochote utakachopata tugawane nusu kwa nusu” kuna khilafu. Mahanbali wameruhusu, lakini katika madhehebu ya Imamu Shafii haikubaliwi, kwa kuwa ujira haujulikani. Kwa watu wetu, hesabu iliyokatwa ndiyo salama zaidi.

MILANGO YA PESA NA HUKUMU ZAKE

Turudi kwa ile milioni 18 ya Maskati, kwani hapa ndipo makosa mengi hufanyika.

Waliotoa walisema: “ya gari ya wagonjwa.” Pesa hiyo kwa kamati ni amana, na kamati ni wakala. Wakala hana ruhusa ya kutoka nje ya alilowakilishwa. Kuikodisha gari hiyo kwa harusi bila ya idhini ya watoaji ni kuvuka mpaka, hata kama faida yote inarudi kwa wagonjwa. Basi waulizwe kabla, kwa maandishi: je, mnaridhia ikodishwe mchana? Je, mnaridhia pesa itumike kulipia safari badala ya kununua gari? Je, ikibaki au shughuli ikifungwa, iende wapi? Watu watatu wa kamati kuandika ujumbe mmoja wa simu na kuhifadhi majibu kunaepusha fitna ya miaka.

Wakisema ni wakfu, jambo linakuwa zito zaidi. Katika madhehebu yetu wakfu ukishatimia haurudi nyuma, mali haiuzwi wala hairithiwi, na sharti la mwenye kuweka linafuatwa. Asili yake ni kisa maarufu cha Sayyidna Umar (radhi za Allah zimfikie) na ardhi yake ya Khaybar: Mtume (rehema na amani zimfikie) alimshauri aizuie ile ardhi yenyewe na atoe matunda yake sadaka, na Umar akaweka sharti kwamba msimamizi ale humo kwa wema bila ya kujilimbikizia. Hivyo mtawalli kulipwa ujira wa haki si aibu. Lakini gari si ardhi, inachakaa. Anayetaka wakfu udumu, bora aweke wakfu duka au nyumba ya kukodisha ambayo kodi yake italipia safari, kuliko kuweka wakfu chombo kitakachokuwa chuma chakavu. Na wakfu Zanzibar uandikishwe kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ili usije kudaiwa na warithi.

Ama zaka, haimo katika kununua gari wala kulipa mishahara ya kamati. Zaka ina watu wanane waliotajwa katika Suratut-Tawba, na jamhuri ya wanavyuoni wanashurutisha akabidhiwe mtu mwenyewe aimiliki. Wapo wa zama zetu waliopanua fungu la “fi sabilillah” likaingiza miradi ya umma, lakini hatushauri zaka za watu zichukuliwe kwa rai hiyo bila ya wao kujua. Lipo lililo wazi zaidi: mgonjwa fakiri apewe zaka mkononi mwake, au wakala aliyemteua mwenyewe ampokelee, kisha alipe nauli yake. Hapo zaka imemfika mwenyewe, na gari imelipwa.

Mtaji nao una hukumu zake. Mtu akitia pesa ili apate faida, hiyo ni mudharaba au ushirika. Faida hugawanywa kwa sehemu, kama nusu au theluthi, na katika mudharaba hasara ya mali ni ya mwenye mali iwapo mwenye kufanya kazi hakufanya uzembe. Kumuahidi mtu “tia milioni moja, tutakupa elfu 50 kila mwezi” ni riba hata kama gari inabeba wagonjwa. Nia njema haiibadilishi akdi.

Na milango hii isichanganywe katika akaunti moja. Pesa za sadaka, za zaka na za mtaji zikikaa pamoja, mwisho wa mwaka hakuna awezaye kusema tairi lilinunuliwa kwa pesa ya nani.

NJIA AMBAYO WENGI HAWAIPIMI

Mpaka hapa tumekubali dhana moja bila ya kuihoji: kwamba ni lazima shehia iwe na gari. Tuiondoe dhana hiyo tuone.

Katika shehia ile wako wenye Noah wanaofanya biashara mchana. Kamati ipatane na mmoja wao, na wa pili awe akiba. Alipwe 100,000 kwa mwezi kwa kuwa tayari usiku, simu wazi na tangi lenye mafuta, na 60,000 kwa kila safari ya Mnazi Mmoja. Safari ya karibu, kama ya Hospitali ya Kivunge, iwe na bei yake ndogo katika jedwali lililobandikwa kwa sheha na msikitini. Muda unajulikana, kazi inajulikana, ujira unajulikana. Ni ijara sahihi.

Kwa safari 12 gharama ni 100,000 na 720,000, jumla 820,000. Ile ya kumiliki ilikuwa 954,000. Na hapa hakuna milioni 18 ya kuanzia, hakuna matairi, hakuna Noah chini ya mwembe.

Nani analipa 820,000? Nauli za wagonjwa tuliziona: 280,000. Michango ya nyumba: 400,000. Wale watatu wasio na kitu, wakiwa ni mafakiri wa kweli, wafanyabiashara wa shehia wawape zaka, 60,000 kila mmoja, nao walipe. Hizo ni 180,000. Jumla 860,000. Zinabaki 40,000 kwa ajili ya mwezi wenye safari nyingi.

Tazameni kilichotokea. Kheri na biashara havikupigana, vimetenganishwa. Gari imebaki biashara ya mtu mmoja, na uchakavu, bima na hasara ni vyake. Mfuko umekuwa sadaka, na kazi yake ni moja tu: asikose safari mtu kwa kukosa nauli. Kila upande unafanya unachokiweza.

Lakini njia hii ina mpaka, na mpaka wake unahesabika. Kumiliki ni 630,000 na 27,000 kwa kila safari. Kukodi ni 100,000 na 60,000 kwa kila safari. Kila safari inayoongezeka, kukodi kunazidi kwa 33,000. Tofauti ya mwanzo ni 530,000; ukiigawa kwa 33,000 unapata 16 na kidogo. Chini ya safari 16 kwa mwezi, kukodi ni rahisi zaidi. Juu ya hapo, kumiliki kunaanza kufaa. Kwa safari 20, kumiliki ni 1,170,000 na kukodi ni 1,300,000. Kila shehia itapata namba yake, lakini namba hiyo ipo, na ndiyo inayopaswa kuamua.

Mpaka wa pili ni uaminifu. Mwenye gari anaweza kuzima simu. Mkataba useme: simu ikipigwa, gari itoke ndani ya dakika 20; akikosa mara mbili kwa mwezi, ile 100,000 ya mwezi huo apewe wa akiba aliyeitwa badala yake. Dereva asidai wala kupokea pesa kwa jamaa za mgonjwa njiani. Nauli ilipwe kwa mshika fedha baadae. Kamati ikisikia kwamba watu wamelipishwa “ya mafuta” usiku, ule mkataba umeshaanza kufa.

Mpaka wa tatu: Noah si gari ya wagonjwa ya hospitali. Haina oksijeni wala muuguzi. Aliyeanguka juu ya mti asipakiwe kwa kukunjwa kitini. Kipigiwe simu kituo cha afya kwanza.

SASA NDIO TUANDIKISHE

Baada ya hesabu hizo, jina linakuja lenyewe. Tanzania, Bara na Zanzibar, haina usajili wa peke yake wa biashara ya kijamii. Anayetaka kitu hicho anachagua chombo kilichopo, na ukijamii wake unakaa ndani ya katiba yake.

Mfuko wa safari kama huu, unaopokea michango na haugawi faida, mahali pake ni jumuiya iliyosajiliwa kwa Mrajis wa Zanzibar. Katiba iseme wazi mambo matatu: hakuna mwanachama atakayegawiwa ziada, mfuko ukivunjwa, kilichobaki kiende kwa jambo linalofanana nalo, na pesa itolewe kwa saini mbili, ambazo si za ndugu wa nyumba moja.

Ikiwa wanachama wenyewe ndio wanaotia pesa, wanaoitumia huduma na wanaotaka kugawana ziada, hiyo ni ushirika. Ikiwa mtu au watu wachache wanatia mtaji na wanataka faida, wajisajili kama biashara au kampuni kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar, na wasione haya. Mfanyabiashara mkweli anayepandisha wagonjwa kwa bei ya haki, kisha akatoa zaka na sadaka yake, ni bora kuliko jumuiya inayogawana pesa kwa jina la posho.

Wala kujiita jumuiya hakuondoi kodi kwenyewe. Jumuiya ikikodisha gari au duka, pato hilo huenda likatozwa. Waulizwe watu wa kodi kabla, si baada ya kuandikiwa barua.

TUNALOLISHAURI

Kwa kikundi chenye mfano kama huu, tunashauri wasinunue gari mwaka wa kwanza. Wawaombe idhini wale wa Maskati: milioni 2 katika zile 18 ziwe akiba ya mfuko, na zilizobaki wazishike wenyewe. Wafunge mkataba na mwenye gari kwa miezi sita. Waandike daftari, pamoja na safu ya simu zilizokataliwa.

Miezi sita ikisha, daftari litajibu. Safari zikiwa 8 kwa mwezi, waendelee kukodi na waridhike. Zikipita 16 mfululizo na nyumba zikaendelea kuchanga, hapo warudi kwa wafadhili, na tunaona afadhali wanunue duka la wakfu ambalo kodi yake itabeba sehemu ya gharama, kisha gari. Na wakikuta wagonjwa karibu wote wanalipa nauli kamili, basi wavunje michango, wamwachie mwenye gari biashara yake, na wabakishe mfuko mdogo wa mafakiri tu. Huko nako kumefanikiwa, kwani lililokusudiwa lilikuwa mgonjwa afike.

Mwenye kikundi chenye wazo jingine, kama kisima, chakula cha wagonjwa au cherehani za mayatima, abadilishe namba na aulize masuali yale yale matatu: nani analipa, pesa imeingia kwa mlango gani, na kinachobaki ni cha nani. Ayaulize kabla ya shilingi ya kwanza.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.